Mfereji au tundu la katikati bafuni? Sehemu ya kuogea ni sm 90 kwa 120 na bomba limeshachomoza katikati

Nyumba_Haijaisha
Wakuu, habari za kazi. Nina sehemu ya kuogea yenye upana wa sm 90 na urefu wa sm 120. Kuta ziko pande tatu, na kuingia ni kwa upande mfupi mmoja. Bomba la kutolea maji la mm 50 limeshachomoza katikati kabisa, skridi bado haijamwagwa. Vigae ninavyo tayari, sm 60 kwa 60, uso wake una chengachenga ili mtu asiteleze.

Fundi wa kwanza anasema tuweke tundu la kawaida hapo hapo bomba lilipo. Wa pili anasema vigae vikubwa hivyo vinataka mfereji mrefu ukutani, huko mwisho. Kila mmoja anamcheka mwenzake. Mimi nataka kuelewa mambo matatu: vigae vitakatwaje, mteremko utakuwaje, na usafi wa kila wiki utakuwaje. Tafadhali msiishie kwenye "inategemea".

Saruji_Mbichi
Weka mfereji, mkuu. Ni wa kisasa na unameza maji mengi zaidi kuliko tundu, maana una urefu wote ule. Ukiweka tundu utachoka kukata.

Babu_Grinda
Saruji, hapo kwenye kukata uko sawa, kwenye kumeza hapana. Mfereji hata uwe na urefu wa mita mbili, mwisho wake maji yanapita kwenye shimo lile lile la bomba la mm 50. Urefu unasaidia kuyadaka maji yakiwa sakafuni, hauongezi kasi ya kuondoka. Maji yakisimama bafuni mara nyingi tatizo ni nywele kwenye trapu au bomba lililolala bila mteremko, na hapo mfereji na tundu ni ndugu.

Sasa wewe mwenye uzi. Nianze na tundu, kwa sababu ndilo watu hudhani ni rahisi.

Tundu la katikati linataka sakafu ya nyuso nne, kila moja ikishuka kutoka ukuta wake hadi ukingo wa wavu. Nyuso mbili zinapokutana panatokea mkunjo, nao unatoka kona ya chumba hadi kona ya wavu. Kigae hakikunjiki, kwa hiyo kwenye kila mkunjo lazima kikatwe. Mikunjo ni minne na kila mmoja una kipande huku na kipande kule, hivyo una mikato minane ya mshazari, kila mmoja karibu sm 68 kwa chumba chako kama wavu ni sm 10 kwa 10.

Mikato hiyo haiko kwenye nyuzi 45, kwa kuwa chumba si mraba. Fundi akiweka grinda kwenye 45 kwa mazoea, mstari wake hautafika kwenye kona ya wavu, utaupita wavu kwa pembeni, na baada ya hapo atakuwa anaziba kwa grauti. Mstari unapigwa kwa uzi kutoka kona hadi kona, juu ya skridi iliyokauka, kisha kigae kinawekwa chini yake na kuchorwa. Ncha zinazobaki kwenye kona za chumba ni nyembamba na kali, mashine ya mkono ya kukwaruza na kuvunja itazimeguamegua. Zinataka msumeno wa maji.

Nyumba_Haijaisha
Shukrani sana fundi. Kwa hiyo nikitaka tundu bila mikato hiyo minane, je, nikikata vile vya 60 viwe vya 30 kwa 30 na kuvilaza tu?

Saruji_Mbichi
Inawezekana kabisa. Mimi nimeona vya 30 vimelazwa hivyo na maji yanakwenda. Gundi ukiijaza vizuri kigae kinakaa.

Babu_Grinda
Maji yatakwenda, sikatai. Lakini kigae cha 30 kikikaa juu ya mkunjo kinabebwa na kona mbili tu, na kona nyingine mbili zinaning'inia au zinachomoza juu ya jirani yake. Fundi atajaza gundi nene chini ili kuficha. Gundi ya vigae haijatengenezwa kuwa skridi, inapokauka ikiwa nene inasinyaa. Baada ya muda ukigonga kigae hicho kwa mpini wa bisibisi kitatoa mlio wa uwazi, na ukitembea pekupeku kidole gumba kitakuambia kingo ziko wapi.

Anayetaka tundu bila mshazari hana budi kushuka hadi vigae vidogo vya sm 5 vilivyopangwa kwenye wavu wa nyuzi. Hivyo vinaufuata mkunjo vyenyewe, na unakata kuzunguka wavu wa maji na ukutani tu.

Mama_Wawili
Na hapo ndipo sisi tunaosafisha tunapoingia. Nina vigae vidogo bafuni. Vinazuia kuteleza kweli, watoto wanaoga bila mkeka. Ila mistari! Kila mstari ni wa kusuguliwa.

Piga hesabu kwa eneo la huyu ndugu. Vigae vya sm 5 kwenye 90 kwa 120 vina mistari 23 ya sm 90 na mistari 17 ya sm 120. Hiyo ni takriban mita 41 za grauti. Vigae vikubwa vinne vinavyokutana katikati vina mita 2 na kidogo. Ongeza mikunjo minne ya Babu Grinda, bado hazifiki mita 5. Mita 41 na brashi ya meno, mtaniambia.

Kisima_Kikavu
Wakuu mimi mfereji wangu ulishapasuka, maji ya mvua yanarudi barazani. Mnashauri wa plastiki au wa zege? Urefu ni kama mita sita.

Babu_Grinda
Kisima, huo ni mtaro wa nje, hapa tunazungumzia mfereji wa ndani ya bafu. Fungua uzi wako tutakuja.

Kisima_Kikavu
Aah sawa. Nilisoma kichwa cha habari haraka.

Nyumba_Haijaisha
Kwenye mteremko. Fundi wa kwanza anasema ataweka asilimia 2 "kila upande". Inatosha?

Saruji_Mbichi
Asilimia 2 ndiyo yenyewe, yaani mm 20 kwa kila mita. Tundu likiwa katikati, kutoka ukingo wa wavu hadi ukuta wa karibu ni sm 40, kwa hiyo mm 8. Pande za mbali ni sm 55, mm 11. Kazi imekwisha.

Babu_Grinda
Namba ni sahihi, mahali pa kupimia ndipo penye kasoro, na ni hapa mafundi wengi wanapoteza kona.

Tuseme ukuta mmoja umepanda mm 8 na wa pili mm 11. Kuta hizo zinakutana kwenye kona. Kona itakuwa mm 8 au mm 11? Fundi atalazimika kuisokota skridi hapo ili zipatane. Kama ataamua zote ziwe mm 8 ili mzunguko uwe sawa, basi kutoka kona hadi wavu ni sm 68 kwa mm 8, yaani asilimia 1.2 hivi. Kwenye karatasi maji bado yanashuka. Kwenye kigae chenye chengachenga, na grauti iliyochomoza kidogo, yanalala. Utajua kwa kutazama: saa moja baada ya kuoga sakafu yote imekauka, na kona zimebaki na pembetatu nyeusi ya unyevu. Miezi ikipita grauti ya kona inakuwa na rangi yake peke yake.

Kwa tundu unapima njia ndefu kuliko zote, nayo ni ya kona. Sm 68 kwa asilimia 2 ni karibu mm 14. Mzunguko mzima wa ukuta unapanda mm 14 juu ya ukingo wa wavu, pande zote, hapo kona haina ugomvi. Gharama yake ni kwamba upande wa karibu utakuwa mkali, mm 14 kwa sm 40 ni asilimia 3.5. Upande wa mbali asilimia 2.5. Mguu unauhisi, hasa kwa mtu mzima anayesimama muda mrefu, lakini si hatari. Faida yake ni kuwa safu ya chini ya vigae vya ukutani inakaa kwenye usawa, hukati chochote kwa mshazari huko.

Mama_Wawili
Huo mteremko mkali ndio unaofanya kiti cha plastiki kicheze. Mama yangu anaogea ameketi, tunakisukuma ukutani na bado mguu mmoja uko hewani.

Pima_Maji
Salaam kwenu. Nimekuwa nikisoma kimya. Hiyo ya kiti ni hoja nzito kuliko inavyoonekana. Kwa mfereji, sakafu ni uso mmoja tu ulioinama upande mmoja. Kiti kinainama kidogo lakini miguu yote minne inagusa.

Nimalizie upande wa mfereji kwa vipimo vya mwenye uzi. Mfereji ukikaa kwenye ukuta wa mwisho, wenye upana wa sm 90, na ukichukua sm 7 za sakafu, maji yanasafiri sm 113. Asilimia 2 ni mm 23 hivi. Vigae vyako vinne vinakatwa kwa mikato iliyonyooka tu, vipande vya upana wa sm 45 mara mbili, urefu wa 60 na 53. Hata mashine ya mkono inatosha. Hapo fundi wa pili anasema kweli.

Ila kuna mkato ambao hakukutajia. Sakafu inashuka mm 23 kando ya kuta mbili ndefu, kwa hiyo safu ya chini ya vigae vya ukutani haiwezi kuwa na urefu mmoja. Inakatwa kwa kupanuka, upande wa kuingilia mfupi, upande wa mfereji mrefu zaidi kwa mm 23. Vigae vya ukutani vikiwa vikubwa hakuna atakayeona. Vikiwa vifupi, au vina nakshi inayojirudia, jicho linakwenda hapo moja kwa moja. Safu hiyo iachwe ya mwisho, ilazwe baada ya sakafu.

Nyumba_Haijaisha
Vya ukutani ni 30 kwa 60, vimelala. Mm 23 kwenye 30 si nyingi?

Pima_Maji
Inaonekana kama ukiitafuta. Mimi ningevumilia. Mke wangu asingevumilia.

Babu_Grinda
Pima, na bomba je? Liko katikati. Mfereji ukutani unamaanisha kulihamisha karibu sm 56.

Pima_Maji
Ndiyo, hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Bomba la kulala nalo linataka mteremko wake, asilimia 2 ya sm 56 ni mm 11. Weka unene wa bomba lenyewe, weka mwili wa mfereji na trapu yake, halafu skridi juu. Ikiwa ni chini ardhini, unachimba tu. Ikiwa ni ghorofa, usimruhusu mtu akate nondo za zege kwa ajili ya mfereji wa kuogea. Njia nyingine ni kuinua sakafu yote, ukaishia na kizingiti kirefu mlangoni. Mwenye uzi, uko chini au juu?

Nyumba_Haijaisha
Ghorofa ya kwanza. Zege limeshamwagwa, bomba limepita ndani na linashuka kwenye dari ya chini. Kutoka juu ya zege hadi sakafu ya nje ya bafu nina sm 9.

Saruji_Mbichi
Sm 9 mfereji unaingia. Ipo mifereji mifupi ya kimo.

Pima_Maji
Ipo. Wanafupisha kimo kwa kupunguza kina cha maji kwenye trapu. Trapu ya kawaida hushika maji ya mm 50, hiyo fupi inashika pungufu, na bafu lisipotumika maji hayo yanakauka mapema na harufu inapanda. Kama ni bafu la wageni, kumbuka kumwaga kikombe cha maji mara kwa mara. Kama ni la kila siku, sawa.

Babu_Grinda
Kwa ghorofa, na bomba katikati, na vigae vya 60, kuna njia ya tatu ambayo mafundi wako wote wawili hawakuisema. Laza mfereji katikati ya chumba, ukikatisha upana wa sm 90 kutoka ukuta mrefu mmoja hadi mwingine, juu ya bomba lilipo. Chagua wenye tundu la kutokea katikati yake.

Sakafu inakuwa nyuso mbili tu. Kila uso una urefu wa sm 56 hivi kutoka ukuta au kizingiti hadi ukingo wa mfereji, mshuko ni mm 11. Hakuna mkunjo, kwa hiyo hakuna mshazari. Vigae vyako vinne vinabaki vinne, kila kimoja 45 kwa 56, mikato yote imenyooka. Bomba halihamishwi. Na ule mkato wa ukutani wa Pima unashuka kutoka mm 23 hadi mm 11, ingawa sasa unakuwa kama herufi V pana, chini kabisa penye mfereji.

Masharti mawili. La kwanza, mfereji ufike ukuta hadi ukuta. Ukinunua wa sm 80 na kuuweka kwenye sm 90, unabaki na sm 5 kila ncha, na maji ya hapo hayana pa kwenda isipokuwa fundi ashushe vipembe hivyo kwa mkono kuelekea mfereji. Wengi hawashushi. La pili, mteremko uwe kwenye skridi, chini ya utando wa kuzuia maji, na utando huo ushikane na mdomo wa mfereji pande zote. Mteremko ukitengenezwa kwa gundi juu ya utando ulio tambarare, maji yanayopenya kwenye grauti yatalala hapo juu ya utando, na utashangaa kwa nini grauti haikauki kamwe.

Kabla ya kigae cha kwanza ziba tundu, jaza maji sm chache, weka alama ya penseli ukutani, uache saa 24. Kwa ghorofa tazama dari ya chini. Ukishazibua, maji yaondoke yote, na penye dimbwi parekebishwe kabla ya kulaza vigae.

Mama_Wawili
Fundi, nakuheshimu, lakini umeweka mfereji mahali mtu anaposimama. Nyayo zetu zitakuwa juu ya chuma. Na kiti cha mama kitakuwa na miguu miwili uso huu na miwili uso ule.

Babu_Grinda
Kiti, dada, uko sahihi, kitakaa vibaya kikikatisha mfereji. Kikisogezwa nusu ya ndani yote minne itakuwa uso mmoja. Kuhusu nyayo, kuna mfuniko wa kubandika kigae juu yake, unaona mipenyo miwili tu ya maji.

Mama_Wawili
Huo mfuniko wa kigae ninao nyumbani kwa dada yangu. Unapendeza sana. Kuuinua ni kazi, ni mzito, unataka kile kindoano chake na kindoano hakionekani kamwe siku ya usafi. Matokeo yake hakuna anayeuinua. Tuliufungua baada ya muda mrefu, chini kulikuwa na uteute wa sabuni na nywele urefu wote wa mfereji. Tundu langu la kawaida natoa kichujio kwa vidole viwili, nywele zote ziko sehemu moja, namaliza. Kwa hiyo kwenye usafi: juu mfereji unashinda, chini tundu linashinda.

Pima_Maji
Mama Wawili amesema kile ambacho wauzaji hawasemi. Niongeze tu kwamba mifereji haifanani ndani. Ipo ambayo tumbo lake ni tambarare, maji yanabaki yamelala filamu nyembamba, na uteute unaanzia hapo. Ipo ambayo tumbo limeinama kuelekea tundu, hiyo inajisafisha kiasi. Ukienda kununua fungua wavu, mimina maji ya chupa kwenye ncha, tazama kama yanakwenda yote. Na trapu iwe ya kutoka kwa juu, kwa mkono. Ukisafisha chuma chake usitumie dawa ya klorini kali na kuiacha, inaacha madoa kama ya kutu hata kwenye chuma kisichoshika kutu.

Saruji_Mbichi
Mimi bado nasema ukutani kunapendeza zaidi. Katikati utakuwa umeigawa sakafu.

Pima_Maji
Kunapendeza, ndiyo. Ila yeye yuko ghorofani.

Nyumba_Haijaisha
Nimepima tena. Kuta zangu ndefu hazilingani, mwisho wa ndani upana ni sm 90 na nusu, kwenye kuingilia ni sm 89. Mfereji wa kukatwa kwa kipimo upo, au nichukue wa 80 na kushusha zile ncha?

Babu_Grinda
Ipo ambayo mwili wake una urefu maalumu na wavu wa juu unaokatika. Lakini usipime leo. Lipu na vigae vya ukutani vitakula sm mbili hadi tatu kila upande, pamoja na gundi. Upana utakaokuwa nao siku ya kulaza ni karibu 85. Piga lipu ya ukutani kwanza, kisha pima hapo hapo mfereji utakapokaa, ondoa unene wa kigae na gundi, ndipo uende kununua.

Nyumba_Haijaisha
Sawa fundi. Fundi wangu wa kwanza ameisoma hii, anasema mfereji wa katikati hajawahi kuufanya na angependa tundu na ile mm 14 kuzunguka. Wa pili hapokei simu.

Mama_Wawili
Wa kwanza ana msumeno wa maji?

Nyumba_Haijaisha
Ana grinda tu.

Babu_Grinda
Basi mwambie akodi msumeno wa maji, au vile vya 60 vipelekwe chumba kingine na sakafu ya kuogea iwekwe vidogo. Akikata mishazari minane kwa grinda mkononi, kwenye kigae kigumu cha 60, hesabu vigae viwili au vitatu vya ziada vya kuvunjika kabla hajaanza.